Swali la bafa: hesabu moli kwanza, fomula baadaye

Swali: Shikamoo mwalimu. Fomula ya pH ya bafa nimeikariri vizuri, lakini kwenye mtihani nakosa. Swali lilisema 50.0 cm³ za asidi ya ethanoiki ya 0.200 M zimechanganywa na 30.0 cm³ za NaOH ya 0.100 M, pKa ni 4.76, tafuta pH. Niliweka 0.100 juu na 0.200 chini nikapata 4.46, nikakoseshwa. Sehemu ya pili wakaongeza 2.0 cm³ za HCl ya 0.500 M, hapo nikapotea kabisa. Na kusema kweli sielewi bafa inazuiaje pH isibadilike.

Jibu: Marahaba. Fomula yako ni sahihi na logi umeipiga sawasawa. Kilichokuponza ni namba ulizoiletea. Ulichukua namba zilizoandikwa kwenye chupa mbili kabla hazijachanganywa, wakati fomula inauliza kilichomo ndani ya chombo kimoja baada ya mmenyuko kwisha. Katikati ya hali hizo mbili kuna mmenyuko mzima ambao hukuufanyia hesabu.

Tuufanye sasa. NaOH ni besi kali. Ikikutana na asidi ya ethanoiki haisubiri msawazo wowote, inaimega asidi mpaka yenyewe iishe:

CH₃COOH + OH⁻ → CH₃COO⁻ + H₂O

Hapa fanya kazi kwa milimoli, kwa sababu sentimeta za ujazo ukizizidisha kwa M zinakupa milimoli moja kwa moja, bila kuhangaika na sifuri. Asidi ni 50.0 × 0.200, yaani milimoli 10.0. NaOH ni 30.0 × 0.100, yaani milimoli 3.00. Kila milimoli ya OH⁻ inakula milimoli moja ya asidi na kuacha milimoli moja ya ioni ya ethanoeti. Kwa hiyo asidi inashuka kutoka 10.0 hadi 7.00, ethanoeti inapanda kutoka sifuri hadi 3.00, na NaOH inakwisha kabisa.

Sasa ndipo fomula inaingia:

pH = pKa + log([A⁻]/[HA])

pH = 4.76 + log(3.00/7.00) = 4.76 − 0.37 = 4.39

Angalia jinsi swali hili lilivyotegwa. Wewe uliyeweka 0.100 na 0.200 umepata 4.46. Mwenzako aliyehesabu moli vizuri lakini akasahau mmenyuko ataweka 3.00 juu na 10.0 chini, apate 4.24. Jibu sahihi ni 4.39. Yote matatu yanafanana na jibu la kweli: yote yako chini ya pKa kidogo, wala hakuna hata moja la kukushtua ukiliona kwenye kikokotoo. Ndiyo maana kwenye bafa huwezi kutegemea jibu likuambie lenyewe kwamba limekosea. Ulinzi pekee ni kuandika, kabla ya kugusa logi, mistari mitatu: kilichokuwepo mwanzo, kilichobadilika, kilichobaki. Mtahini naye anaitafuta mistari hiyo, na mara nyingi alama za njia ziko hapo kuliko kwenye logi.

Huenda unajiuliza mbona nimeweka milimoli kwenye fomula inayodai ukolezi. Asidi na ethanoeti ziko kwenye chombo kimoja, zinashirikiana ujazo uleule wa 80.0 cm³. Ukigawanya zote mbili kwa 80.0 kisha ukatafuta uwiano wake, hiyo 80.0 inajifuta. Ukipenda gawanya, hutakosa, ila utatumia muda bure. Lakini ujanja huu ni wa fomula hii tu. Ukihama kwenda kwenye hesabu ya Ka peke yake, au ya asidi kali iliyobaki, ujazo mpya unahitajika na lazima uwe ule wa jumla.

Sasa nije kwenye bafa inavyozuia pH isibadilike, kwa sababu ukilielewa hili, sehemu ya pili inajijibu. Watu wengi wanadhani bafa inazuia ioni za haidrojeni zisiongezeke. Haizuii kabisa, zinaongezeka, ila kidogo sana. Tuangalie kwa karibu kilichomo kwenye chombo chako cha 80.0 cm³.

pH ya 4.39 maana yake ukolezi wa H⁺ huru ni kama 4.1 × 10⁻⁵ M. Zidisha kwa 80.0 cm³, unapata takribani milimoli 0.0032. Hizo ndizo H⁺ zote zilizo huru humo ndani, na hizo tu ndizo zinazohesabiwa na pH. Pembeni yake kuna milimoli 7.00 za asidi ambayo bado imeshikilia H⁺ yake, na milimoli 3.00 za ethanoeti zilizo tayari kuipokea nyingine. Akiba ni kubwa kuliko kinachoonekana kwa zaidi ya mara elfu mbili. Kipimo cha pH hakiioni akiba hiyo moja kwa moja, kinaona tu uwiano wake.

Mwagia sasa ile HCl. 2.0 × 0.500 ni milimoli 1.00 ya H⁺. Kama H⁺ hizo zingebaki huru zote, ukolezi wake ungekuwa mara mia kadhaa ya uliokuwepo. Lakini ethanoeti inazidaka:

CH₃COO⁻ + H⁺ → CH₃COOH

Ethanoeti inashuka kutoka 3.00 hadi 2.00. Asidi inapanda kutoka 7.00 hadi 8.00. Rudi kwenye fomula:

pH = 4.76 + log(2.00/8.00) = 4.76 − 0.60 = 4.16

Hilo ndilo jibu la sehemu ya pili. pH imeshuka kwa 0.23 tu. Ukizipiga tena hesabu za H⁺ huru kwa pH ya 4.16 na ujazo wa 82.0 cm³, utaona sasa ni kama milimoli 0.0057. Yaani katika milimoli 1.00 uliyomwaga, iliyobaki huru ni karibu milimoli 0.0025. Haifiki hata 0.3%. Iliyobaki yote imefungwa ndani ya asidi ya ethanoiki na pH haiioni tena. Ungemwaga HCl ileile kwenye 80.0 cm³ za maji safi, milimoli 1.00 ndani ya 82.0 cm³ ni 0.0122 M, na pH ingeanguka kutoka 7 hadi 1.91.

Kwa hiyo kuna mambo mawili yanayofanya kazi pamoja. La kwanza ni la kikemia: asidi dhaifu na besi yake zipo zote mbili kwa wingi, moja inapokea OH⁻ na nyingine inapokea H⁺, na kila inayopokea inageuka kuwa mwenzake. La pili ni la kihesabu: pH inafuata logi ya uwiano. Ili pH ihame kwa 1 kamili, uwiano lazima ubadilike mara kumi. Sisi tuliubadilisha kutoka 0.43 hadi 0.25, hata nusu haukupungua. Swali likisema "eleza jinsi bafa inavyofanya kazi", andika mlinganyo wa ethanoeti ikipokea H⁺, andika na wa asidi ikimalizana na OH⁻, kisha useme kwamba uwiano wa [A⁻] kwa [HA] unabadilika kidogo. Jibu lisilo na milinganyo hiyo miwili linakatwa alama hata kama maneno yake ni mazuri.

Fomula yenyewe, kwa taarifa yako, haina jipya lolote zaidi ya Ka. Chukua Ka = [H⁺][A⁻]/[HA], tenga [H⁺], piga logi hasi pande zote, umeipata. Lawrence Henderson aliandika uhusiano huu mwaka 1908 bila pH wala logi, na asingeweza kuandika pH kwa kuwa Sørensen aliileta mwaka 1909. Karl Hasselbalch ndiye aliyeuweka katika sura ya logi mwaka 1916, akishughulika na damu. Nakuambia haya kwa sababu moja tu: ukisahau kwenye chumba cha mtihani nini kinakaa juu na nini chini, usibahatishe. Itoe upya kutoka kwenye Ka, ni mistari mitatu. Au jiulize hivi: ethanoeti ni besi, besi ikizidi pH ipande au ishuke? Ipande. Basi besi iko juu.

Hapa ndipo penye mtego mkubwa kuliko ule uliokukuta. Watahini wanapenda kuendelea na swali lilelile mpaka bafa ife, waone kama utaendelea kulazimisha fomula. Chukua bafa yako ya mwanzo, yenye 7.00 na 3.00, uongeze 6.0 cm³ za HCl ileile. Hiyo ni milimoli 3.00 za H⁺. Ethanoeti yote inakwisha, asidi inarudi kuwa milimoli 10.0. Ukiweka sifuri juu kwenye fomula, kikokotoo kinakugomea. Hakijaharibika, kinakuambia kwamba hakuna bafa tena. Kilichobaki ni mmumunyo wa asidi dhaifu peke yake, na hapa ujazo unarudi: milimoli 10.0 ndani ya 86.0 cm³ ni 0.116 M. Tumia Ka, ambayo ni 10⁻⁴·⁷⁶, yaani 1.74 × 10⁻⁵:

[H⁺] = √(1.74 × 10⁻⁵ × 0.116) = 1.42 × 10⁻³ M, pH = 2.85

Wakiongeza 8.0 cm³ badala ya 6.0, H⁺ ni milimoli 4.00 dhidi ya ethanoeti 3.00. Milimoli 1.00 ya asidi kali inabaki bila pa kwenda. Asidi ya ethanoiki ipo bado, lakini inachoachia ni kidogo mno mbele ya asidi kali, hivyo unaipuuza. Milimoli 1.00 ndani ya 88.0 cm³ ni 0.0114 M, pH 1.94. Linganisha na yale maji safi ya mwanzo: ni karibu sawa na kama bafa haikuwahi kuwepo.

Upande wa NaOH ni hivyohivyo kwa kinyume. Rudi kwenye 50.0 cm³ za asidi ya mwanzo kabla hujaongeza chochote. NaOH ikifika 50.0 cm³, nusu ya asidi imegeuka: 5.00 juu, 5.00 chini, logi ya 1 ni sifuri, pH ni 4.76 sawasawa na pKa. Swali la mchoro wa titresheni linapokutaka usome pKa, ni hapo unaposoma, kwenye nusu ya ujazo unaomaliza asidi. NaOH ikifika 100.0 cm³ asidi imekwisha, imebaki ethanoeti tupu, milimoli 10.0 ndani ya 150.0 cm³. Hiyo ni besi dhaifu, unatumia Kb, na pH inatoka 8.79. Anayeandika 7.00 hapo kwa sababu "asidi na besi zimelingana" amesahau kwamba ethanoeti nayo ni besi.

Kwa hiyo baada ya ile mistari mitatu, tazama kilichobaki kabla ya kuchagua fomula. Kama asidi dhaifu na besi yake zipo zote, ni bafa, tumia fomula. Kama imebaki moja tu kati ya hizo, ni Ka au Kb. Kama kuna asidi kali au besi kali iliyozidi, hiyo ndiyo inayoamua pH peke yake. Sijui swali la aina hii linalotoka nje ya mikono hiyo mitatu.

Kabla bafa haijafa huwa inachoka, na fomula pia inachoka pamoja nayo. Kanuni inayokubalika ni kwamba uwiano uwe kati ya 0.1 na 10, yaani pH isitoke zaidi ya 1 kutoka pKa. Ukikuta uwiano wa 0.02, jibu la fomula bado linaandikika, lakini tone jingine dogo linauyumbisha sana, na hata dhana kwamba asidi iliyobaki ni ileile uliyoihesabu inaanza kulegea. Katika hesabu yetu dhana hiyo ilikuwa salama: H⁺ huru 4.1 × 10⁻⁵ M mbele ya asidi ya 0.0875 M si kitu. Ukiulizwa utaje dhana uliyotumia, hiyo ndiyo ya kuandika. Na kama utaitengeneza bafa hii maabara, ukaona kipimo kinasoma chini kidogo ya 4.39, usidhani umepima vibaya. Ioni zilizomo zinavutana, na fomula ya darasani inazichukulia kana kwamba hazijuani.

Kuna jambo lingine linalochanganywa sana, nalo ni pH ya bafa na uwezo wake. Ukiongeza maji kwenye bafa yako, uwiano haubadiliki, hivyo pH inabaki karibu palepale. Lakini chukua bafa nyingine ya ujazo uleule yenye milimoli 0.700 za asidi na 0.300 za ethanoeti. pH yake ni 4.39 vilevile. Mwagia ile milimoli 1.00 ya HCl: ethanoeti ni 0.300 tu, inakwisha mara moja, na milimoli 0.700 za H⁺ zinabaki huru. Swali likikuuliza "bafa ipi ni bora" huku zote zina pH sawa, angalia moli.

Nimalizie na aina mbili za maswali ambazo zitakuja baada ya hili. Ya kwanza ni ya kurudi nyuma: ni ujazo gani wa NaOH ya 0.100 M uongezwe kwenye 50.0 cm³ zilezile za asidi ili pH iwe 5.00? Logi ya uwiano ni 5.00 − 4.76 = 0.24, uwiano wenyewe ni 1.74. Hapa wengi wanazidisha 1.74 kwa 10.0 na kupata milimoli 17.4 za NaOH, ambazo zingemaliza asidi yote na kubakiza nyingine. Wanasahau kwamba kila ethanoeti inayozaliwa imetolewa kwenye asidi. Iite x: ethanoeti ni x, asidi ni 10.0 − x.

x = 1.74(10.0 − x), hivyo 2.74x = 17.4, x = 6.35

Milimoli 6.35 gawanya kwa 0.100 ni 63.5 cm³. Hakiki haraka: tunataka pH juu ya pKa, basi NaOH lazima ipite 50.0 cm³, ule ujazo wa nusu, na isifike 100.0. Imekaa sawa.

Ya pili ni bafa ya amonia, ambapo wanakupa pKb badala ya pKa. Usibebe fomula mbili kichwani, moja ya pH na nyingine ya pOH, utazigongesha. Geuza pKb iwe pKa ya NH₄⁺ kwa kutoa kwenye 14, kwa nyuzijoto 25 za Selsiasi. Kwa amonia pKb ni 4.75, hivyo pKa ni 9.25. NH₃ inakaa juu kwa kuwa ndiyo besi, NH₄⁺ inakaa chini. Wakikuambia milimoli 8.00 za NH₃ zimeongezewa milimoli 3.00 za HCl, mistari yako mitatu inakupa NH₃ 5.00 na NH₄⁺ 3.00, na pH ni 9.25 + log(5.00/3.00), yaani 9.47. Ukijikuta umeandika 4.97, umetumia pKb mahali pa pKa.